FAIDA SI FEDHA MKONONI
Hesabu ya mashine ya posho ya Kimaka



Mwezi uliopita tuliitwa Kimaka, kaskazini ya mji wa Jinja, mahali panapojulikana kwa uwanja wa ndege na chuo cha maofisa wa jeshi. Wafanyakazi mia mbili wanaokaa huko na mitaa ya jirani wamekuwa wakiweka akiba pamoja kwa miaka kadhaa. Sasa wanataka kuunda kampuni yao ndogo na kununua mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, kwa kuwa mahindi ya Busoga na yale yanayoshuka kwa barabara ya Mbale hupita mlangoni mwao kila siku. Mhasibu aliwaandikia karatasi moja ya hesabu. Karatasi hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi.

Kundi moja lilisema mashine itakula akiba yao na kuwaachia hasara ya shilingi milioni 158. Kundi la pili lilisema itawapa faida ya milioni 210, na kwamba kila mwaka watagawana milioni 102. Wote walikuwa wakisoma karatasi ile ile. Mzee mmoja akasimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, kama karatasi ni moja na majibu ni mawili, basi kuna mtu hajui kusoma." Tulikaa nao siku mbili tukaisoma pamoja mstari kwa mstari, na tukaona kwamba makundi yote mawili yalikosea. Tunayaandika hapa kwa sababu makosa hayo hayo huonekana pia kwenye meza ya kujadiliana mishahara, mwajiri anapotuletea vitabu vyake.

KARATASI ILISEMA NINI

Mashine pamoja na kuifunga, waya za umeme na sakafu ya zege, gharama yake ni shilingi milioni 300, zinazolipwa zote kabla ya kusaga hata debe moja. Mashine itafanya kazi miaka 5. Nyumba ni ya kupanga. Wateja huleta mahindi yao wenyewe na kulipa papo hapo, kwa hiyo hakuna mahindi ya kununua wala wadeni wa kufuata.

Kwa mwaka mapato ya kusaga yanakadiriwa kuwa milioni 350. Umeme, mishahara, kodi ya nyumba, mikanda, beringi, chekeche na matengenezo madogo ni milioni 230. Inabaki milioni 120. Hapo mhasibu akatoa milioni 60 na kuziita uchakavu wa mashine. Ikabaki faida ya milioni 60 kabla ya kodi ya serikali. Kodi ya kampuni ni 30%, yaani milioni 18. Faida safi ikawa milioni 42.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu mota kubwa itabidi ibadilishwe kwa milioni 40. Mota hiyo itatumika miaka miwili iliyobaki, kwa hiyo uchakavu wa mwaka wa nne na wa tano utapanda kutoka milioni 60 hadi milioni 80. Faida kabla ya kodi katika miaka hiyo itashuka hadi milioni 40, kodi itakuwa milioni 12, na faida safi milioni 28.

UCHAKAVU HULIPWA KWA NANI?

Swali la kwanza tuliloliuliza kikao lilikuwa jepesi. Umeme hulipwa kwa kampuni ya umeme. Mshahara hulipwa kwa msagaji. Kodi ya nyumba hulipwa kwa mwenye nyumba. Je, zile milioni 60 za uchakavu hulipwa kwa nani? Watu walitazamana. Hakuna wa kulipwa. Hakuna risiti, hakuna hundi, hakuna noti inayotoka katika sanduku. Mhasibu amechukua bei ya mashine, milioni 300, akaigawa kwa miaka 5, akaandika milioni 60 kila mwaka ili kila mwaka ubebe sehemu yake ya mashine iliyokwisha kutumika.

Kwa kupima kama biashara inaendeshwa vizuri, hesabu hiyo ni ya haki kabisa. Isingekuwa sawa mwaka wa kwanza ubebe mashine nzima na minne mingine ionekane kama ilisaga kwa mikono mitupu. Lakini anayetaka kujua fedha zinaingia na kutoka lini lazima arudishe kila kitu siku yake. Milioni 300 zilitoka siku ya kununua, zote kwa mkupuo. Zile 60 za kila mwaka ni kumbukumbu ya fedha zilizokwisha kuondoka.

Kutoka Kimaka si mbali kufika kwenye mfano mkubwa wa jambo hili. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1954. Saruji, vyuma na mitambo yake ya kwanza vililipwa katika miaka ile ya ujenzi. Miaka 20 baadaye mto uliendelea kuzungusha mitambo ile ile, na mtunza vitabu aliyeandika uchakavu wa mwaka huo hakumlipa mtu hata senti kwa ajili ya ukuta uliokwisha kujengwa. Lakini mitambo ilipofanyiwa ukarabati na kuongezewa nguvu, kutoka megawati 150 hadi 180, fedha mpya zilitoka kweli. Na kituo cha pili, Kiira, kilipoanza kuzalisha mwaka 2000, fedha nyingine zilikuwa zimetoka. Kwenye kitabu cha faida miaka hii yote hufanana, kila mmoja na uchakavu wake. Kwenye sanduku la fedha, mwaka wa ujenzi na mwaka wa utulivu havifanani hata kidogo.

HATUA TATU

Basi tuliwaonyesha wenzetu wa Kimaka njia ya kutoka kwenye faida ya mhasibu hadi kwenye fedha za mradi. Hatua ni tatu.

Kwanza, anza na faida safi, baada ya kodi. Pili, rudisha uchakavu, kwa kuwa ulitolewa kwenye karatasi bila fedha kutoka. Tatu, toa fedha zote za kununua au kubadilisha mitambo, kila moja katika mwaka ule ule inapolipwa, wala si kwa vipande vya mhasibu.

Mwaka wa kwanza: faida 42, rudisha uchakavu 60, jumla 102. Hakuna mashine iliyonunuliwa mwaka huo, kwa hiyo fedha za mradi ni milioni 102. Mwaka wa tatu: faida 42, rudisha 60, jumla 102, lakini mota imelipwa 40, kwa hiyo zinabaki 62. Mwaka wa nne: faida 28, rudisha 80, jumla 108. Tuliandika hivi ubaoni, kwa mamilioni ya shilingi. Mwaka wa 0 ndiyo siku ya kununua.

| Mwaka | Faida safi | Rudisha uchakavu | Toa mitambo | Fedha za mradi |
|---|---|---|---|---|
| 0 | – | – | 300 | –300 |
| 1 | 42 | 60 | – | 102 |
| 2 | 42 | 60 | – | 102 |
| 3 | 42 | 60 | 40 | 62 |
| 4 | 28 | 80 | – | 108 |
| 5 | 28 | 80 | – | 108 |
| Jumla | 182 | 340 | 340 | 182 |

Tazama mstari wa mwisho. Uchakavu wote ni 340, na mitambo yote ni 340, yaani mashine 300 na mota 40. Kwa hiyo jumla ya faida ya miaka 5 na jumla ya fedha za miaka 5 ni sawa: 182. Faida na fedha hutofautiana kwa wakati tu. Mashine ikiishi hadi mwisho bila thamani ya kuiuza, na wateja wote wakiwa wamelipa, jumla hizi mbili lazima zikutane. Zisipokutana, kuna kitu kimehesabiwa mara mbili au kimesahauliwa. Hicho ndicho kipimo cha kuikagua karatasi yoyote ya namna hii.

MAKOSA YA MAKUNDI MAWILI

Kundi la kwanza lilichukua faida safi ya miaka yote, 182, likatoa bei ya mashine 300 na mota 40, likapata hasara ya 158. Kosa lao ni kuilipa mashine mara mbili. Faida ile ilikuwa imekwisha kutolewa uchakavu wa 340, ambao ndio bei ya mashine na mota. Walipotoa bei tena bila kwanza kurudisha uchakavu, mashine moja ikawa imenunuliwa mara mbili. Miradi mizuri hufa kwa kosa hili, na watu wakajisifu kwamba walikuwa waangalifu.

Kundi la pili lilirudisha uchakavu vizuri. Walihesabu 102 mara 5, wakapata 510, wakatoa 300, wakabaki na 210. Lakini mota waliiona kama habari ya baadaye, wakaiacha nje. Mota ni milioni 40. Ni kweli kwamba uchakavu wa mota unapunguza kodi kwa milioni 12, kwa kuwa 30% ya 40 ni 12. Kwa hiyo mzigo wake halisi ni milioni 28. Ukitoa 28 kwenye 210 unapata 182, jibu lile lile la ubaoni.

Hapo kijana mmoja aliuliza swali zuri: "Kwa nini mota itolewe peke yake na mikanda isitolewe?" Jibu ni kwamba mikanda, beringi na chekeche huisha ndani ya mwaka, na tayari zimo katika zile milioni 230 za gharama. Ukizitoa tena utarudia kosa la kundi la kwanza. Mota hudumu zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo mhasibu haiweki yote katika gharama za mwaka bali huigawa kwa uchakavu. Kitu kilichogawanywa kwa uchakavu hutolewa kwa bei yake kamili siku kinapolipwa. Kitu kilichomo katika gharama za mwaka huachwa hapo kilipo. Kila kitu kitolewe mara moja tu.

UCHAKAVU HUGUSA KODI

Yupo aliyeuliza: kama uchakavu si fedha, na tunautoa kisha tunaurudisha, si afadhali tuuache kabisa? Hapana, kwa sababu ya kodi. Milioni 60 za uchakavu hupunguza faida inayotozwa kodi kutoka 120 hadi 60. Bila uchakavu kodi ingekuwa milioni 36. Pamoja nao ni 18. Kwa hiyo uchakavu unabakiza milioni 18 ndani ya sanduku kila mwaka. Ndiyo njia pekee ambayo uchakavu wenyewe unagusa fedha.

Unaweza kukagua kwa mkato: 120 zilizobaki kabla ya uchakavu, toa kodi 18 iliyolipwa kweli, unapata 102. Ni jibu lile lile kwa njia nyingine.

Lakini hapa pana tahadhari. Mamlaka ya Mapato, yaani URA, haitumii uchakavu wa vitabu vya kampuni. Ina madaraja yake ya mali na viwango vyake. Hapa tumefanya kana kwamba uchakavu wa vitabu na wa kodi ni mmoja, ili somo lieleweke. Mradi wa kweli ufanyiwe hesabu ya kodi kwa viwango vya URA, na kodi inayowekwa kwenye karatasi iwe ile itakayolipwa. Uchakavu unaorudishwa ubaki ule ule ambao mhasibu aliutoa alipopata faida. Ukirudisha namba nyingine, jumla hazitakutana.

MILIONI 102 SI ZA KUGAWANA ZOTE

Tulipofika hapa kundi la pili lilikuwa na furaha, na mmoja wao akasema, "Basi kila mwaka tutagawana milioni 102." Tulimwomba aende pole pole. Katika hizo 102, zile 42 ni faida, na zile 60 ni mashine yenyewe inayorudi vipande vipande. Wakila zote 102, hakuna aliyeibiwa, lakini mwishoni mwa mwaka wa tano watakuwa wamekula mashine yao. Chuma kitakuwa chakavu, sanduku halitakuwa na kitu, na wasagaji watarudi nyumbani. Hata mota ya mwaka wa tatu itawashinda, kwa kuwa mwaka huo zinabaki 62 tu baada ya kuilipa.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Uchakavu huhesabiwa kwa bei ya zamani. Wakiweka 60 kila mwaka watakuwa na 300 baada ya miaka 5. Kama mashine mpya wakati huo ni 400, watapungukiwa na milioni 100. Wazee wetu wa Uganda hawahitaji kufundishwa hili. Mwezi Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake ikakatwa 30%. Aliyekuwa ametunza fungu la uchakavu kwa noti, miaka yote ile bei zilipokuwa zikipanda, hakuweza kununua hata mota. Kwa hiyo tulipendekeza kwamba fungu la kubadilisha mashine lipimwe kila mwaka kwa bei ya mashine ya mwaka huo, wala si ile ya risiti ya zamani.

FEDHA ZA MWAKA WA TANO SI FEDHA ZA LEO

Mradi unaacha 182 baada ya kurudisha mtaji. Lakini shilingi itakayokuja baada ya miaka 5 si sawa na shilingi iliyo mfukoni leo. Wanachama walisema kwamba akiba yao wakiikopesha kwingine kwa usalama wangepata kama 15% kwa mwaka. Basi kila fedha ya mbele inapunguzwa kwa kiwango hicho: ya mwaka wa kwanza inagawanywa kwa 1.15, ya mwaka wa pili kwa 1.15 mara 1.15, na kuendelea hivyo. Tulipofanya hivyo, fedha zote za miaka 5 zilikuwa na thamani ya milioni 322 kwa leo, dhidi ya 300 za kununua. Inabaki ziada ya milioni 22.

Ndiyo sababu hatua ya tatu ni muhimu sana. Anayesoma faida peke yake anaona neema tangu mwaka wa kwanza, na haoni kwamba mwanzoni zilitoka milioni 300. Anayeweka fedha siku zake anaona kwamba mradi huu unapita, lakini kwa upenyo mwembamba. Mapato yakipungua kidogo tu, tuseme kwa milioni 10 kila mwaka, fedha baada ya kodi hupungua kwa 7 kila mwaka, na ziada yote ya milioni 22 huondoka. Karatasi ya faida ingeonyesha bado 35 kwa mwaka wa kwanza, na watu wangeshangilia.

Wenzetu walitaka pia kujua riba ya benki iwekwe wapi. Ukiwa unapima kama mradi wenyewe unafaa, usitoe riba, kwa kuwa ile 15% imekwisha kubeba bei ya kutumia fedha. Ukiitoa tena umehesabu mara mbili. Kama mhasibu ameitoa katika faida, irudishe, pamoja na kusahihisha kodi. Baadaye fanya karatasi nyingine ya kuona kama fedha za kila mwaka zinatosha kulipa benki.

Na kama kampuni ingeuza unga kwa mkopo, tuseme kwa mashule yanayolipa mwisho wa muhula, ingebidi kupunguza pia fedha zilizobaki kwa wadeni na mahindi yaliyolala ghalani. Mhasibu huandika mauzo siku gunia linapoondoka. Sanduku huandika siku fedha zinapofika. Kimaka husaga kwa fedha taslimu, kwa hiyo shida hiyo haikuwapo.

KUTAFUTA MITAMBO KATIKA VITABU VYA MWAJIRI

Sasa tuhame kutoka mashine ya posho hadi meza ya mishahara. Mara nyingi vitabu tunavyopewa vina faida na uchakavu, lakini hakuna mstari unaosema mwajiri alitumia kiasi gani kwa mitambo. Usikate tamaa, kwa kuwa mizania inaitoa siri hiyo. Chukua thamani ya mitambo mwisho wa mwaka, toa thamani yake mwanzo wa mwaka, kisha ongeza uchakavu wa mwaka. Jibu ndilo matumizi ya mitambo, kama hakuna kilichouzwa wala kupandishwa thamani.

Jaribu kwa Kimaka. Mwisho wa mwaka wa pili mashine imebaki na thamani ya 180, kwa kuwa 300 imetolewa 60 mara mbili. Mwisho wa mwaka wa tatu, baada ya uchakavu wa 60 na mota ya 40, thamani ni 160. Hesabu ni 160 toa 180, ongeza 60. Jibu ni 40. Mota imejitokeza yenyewe.

Namba hii inasema mengi. Kama uchakavu ni 60 kila mwaka na mwajiri ananunua mitambo ya 5 tu mwaka baada ya mwaka, kiwanda kinaliwa, hata kama faida inapendeza. Kama ananunua ya 90, anapanua au anafanya upya, na fedha zake kweli zimebanwa. Tumewahi kukaa mbele ya mwajiri mmoja aliyetuambia kwamba hana uwezo wa kuongeza mshahara kwa sababu ana hasara. Tulipohesabu tukaona kwamba hasara yote ilitokana na uchakavu mkubwa, kwamba fedha zilikuwa zikiingia vizuri, na kwamba hakuna mtambo ulionunuliwa kwa miaka mitatu. Swali letu likageuka. Hatukusema tena "unatudanganya". Tuliuliza, "Fedha za mitambo zimekwenda wapi, na mitambo hii ikifa, kazi zetu zitakuwaje?" Hilo lilikuwa zito kwake kuliko lile la kwanza.

Tuwe waaminifu pia kwa upande wa pili. Uchakavu unaorudishwa si shimo la dhahabu la kugawia mishahara. Fedha zinazorudi kila mwaka ndizo zitakazonunua mashine inayofuata. Mfanyakazi anayedai zote anadai ajira yake ya kesho.

Nchi nzima imeliona jambo hili katika umeme. Kampuni ya Umeme Limited ilisambaza umeme tangu Machi 2005 hadi mkataba ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025. Mkataba uliweka kwamba fedha ilizotumia kwa nguzo, waya na transfoma, ambazo zilikuwa hazijarudi kupitia bei ya umeme, zilipwe mwishoni. Serikali ililipa dola za Marekani kama milioni 118, kampuni ikadai zaidi, na mwaka 2025 ugomvi ukapelekwa kwa wasuluhishi wa London. Pande mbili zilizo na wahasibu na wanasheria wengi ziligombana juu ya kitu kile kile kilichotugombanisha Kimaka: fedha zipi zilitoka kweli, na zipi zimekwisha kurudi.

KIMAKA WALIAMUA NINI

Siku ya pili jioni wanachama walipiga kura. Waliamua mambo matatu. La kwanza, mashine inunuliwe tu baada ya kuhakikisha mapato ya milioni 350 kwa kuhesabu magunia katika mashine jirani kwa muda wa mwezi mmoja, kwa kuwa ziada ya milioni 22 ni nyembamba. La pili, kila mwaka fungu la milioni 60 liwekwe pembeni kabla ya kugawana chochote, kisha liongezwe kwa kadiri bei ya mashine inavyopanda. La tatu, mota iandikwe katika bajeti tangu leo, ili isije kuwa mgeni wa ghafla mwaka wa tatu.

Mzee yule aliyesema kuna mtu hajui kusoma alipita mlangoni akatuambia kwamba sasa anaona wote walikuwa wanajua kusoma, ila kila kundi lilisoma nusu ya ukurasa. Hesabu za magunia zitaanza wiki ijayo. Matokeo yake tutayaleta katika toleo lijalo.